Umbali kutoka wastani unaosogea hausemi kwamba trendi imechoka

Soko likipanda kwa nguvu, hoja ileile hujitokeza: bei iko asilimia 40 juu ya wastani wa siku 50, kwa hiyo lazima irudi chini. Naipinga hoja hiyo, ingawa kipimo chenyewe nakitumia kila siku. Umbali kutoka wastani unaosogea ni kipimo kizuri, ila watu wengi wanakiuliza swali kisiloweza kulijibu.

Tuanze na jinsi namba yenyewe inavyopatikana. Wastani wa siku 50 hujumlisha bei za kufunga za siku 50 za mwisho, kisha hugawa kwa 50. Bei inapopanda mfululizo, wastani huo hukaa karibu na mahali bei ilipokuwa katikati ya kipindi, yaani siku 25 hivi zilizopita. Kwa hiyo ukipima umbali kati ya bei ya leo na wastani, kwa sehemu kubwa unapima bei imesogea kiasi gani ndani ya hizo siku 25. Unapima mwendo.

Chukua mali inayopanda kwa asilimia 0.3 kila siku bila kuyumba. Baada ya siku 50 itakuwa asilimia 7.5 hivi juu ya wastani wake, na itabaki hapohapo kesho, kesho kutwa na mwezi ujao, mradi mwendo haubadiliki. Mali nyingine ipande asilimia 1 kwa siku: hiyo itakaa asilimia 26 hivi juu ya wastani, na pia itabaki hapo. Ya pili iko mbali zaidi ya mara tatu kuliko ya kwanza, lakini hakuna kati ya hizo mbili inayozidi kuvutika mbali na wastani wake. Moja inakwenda kasi kuliko nyingine, basi.

Soko halisi haliendi kwa utulivu huo, lakini somo linabaki. Umbali mkubwa usiobadilika unaonyesha trendi yenye kasi. Umbali unaozidi kukua wiki baada ya wiki unaonyesha kwamba kasi yenyewe inaongezeka, na hapo ndipo neno parabola linapostahili kutumika. Kasi inayoongezeka huhitaji wanunuzi wengi zaidi, wenye haraka zaidi, kila siku, na wanunuzi wa namna hiyo huisha.

Ndiyo maana chati ya kawaida hudanganya macho. Bei yoyote inayokua kwa asilimia ileile kila mwezi huonekana kama inapinda kwenda juu ukiiacha kwa muda mrefu, hata kama hakuna kilichobadilika. Ukiigeuza chati iwe kwenye mizani ya logariti, ukuaji wa asilimia isiyobadilika unakuwa mstari ulionyooka. Kama bado unaona mkunjo wa kwenda juu kwenye mizani hiyo, basi mpando kweli una sura ya parabola. Kabla sijatoa neno kuhusu soko lolote kwamba limezidi, hatua hiyo moja siikosi.

Kipimo chenyewe kwenye TradingView, tovuti ya chati za bei, ni mistari michache:

```
//@version=5
indicator("Umbali")
ma = ta.sma(close, 50)
plot((close / ma - 1) * 100)
plot((close - ma) / ta.atr(100))
```

Mstari wa kwanza unaochorwa ni umbali kwa asilimia. Wa pili unagawa umbali huo kwa ATR, yaani upana wa kawaida wa mwendo wa siku moja. Unasaidia kwa sababu asilimia 20 kwa mali inayocheza asilimia 2 kwa siku ni safari ndefu, na kwa mali inayocheza asilimia 6 ni jambo la kawaida. Angalia kwamba nimeweka 100 badala ya 14 iliyozoeleka. Kwenye hatua ya mwisho ya mpando wa parabola mishumaa ya chati, yaani alama za mwendo wa bei wa kila siku, hurefuka sana, na ATR ya siku 14 huvimba pamoja nayo. Ukigawa umbali kwa namba iliyovimba, unapata jibu dogo, na kipimo kinakuambia mambo yametulia wakati ndiyo kwanza yamepamba moto. ATR ya kipindi kirefu bado inakumbuka hali ya kabla ya vurugu.

Sasa tuitazame Bitikoini mwaka 2017, kwa sababu ni mfano ambao kila mtu anaweza kuufungua na kuukagua. Mwaka ulianza bei ikiwa karibu dola 1,000. Ilifika 2,000 karibu tarehe 20 Mei, yaani miezi minne na nusu. Kutoka 2,000 hadi 4,000 ilitumia wiki kama 12, ikifika katikati ya Agosti. Ilivuka 5,000 kwa uthabiti katikati ya Oktoba na kufika 10,000 mwishoni mwa Novemba, wiki sita na nusu hivi. Kutoka 10,000 hadi karibu 20,000 ilichukua chini ya wiki tatu, kilele kikiwa tarehe 17 Desemba.

Muda wa kujirudufu ndio unaonivutia hapo. Kila safari bei ilipoongezeka maradufu, ilitumia muda mfupi kuliko safari iliyotangulia. Huo ndio mkunjo wa kwenye mizani ya logariti uliowekwa kwa maneno ya kalenda. Siku ya kilele bei ilikuwa takriban mara mbili ya wastani wake wa siku 50.

Lakini tazama nini kilitokea njiani. Mwanzoni mwa Septemba bei iligusa karibu 5,000, na kabla ya katikati ya mwezi kumalizika ilikuwa imeporomoka hadi karibu 3,000. Aliyesema mwishoni mwa Agosti kwamba soko limevutika mno alikuwa sahihi kabisa, na bado ndani ya wiki chache bei ilikuwa kwenye kilele kipya. Mvutiko ulipungua, trendi haikufa. Tarehe 2 Novemba bei ilivuka 7,000, ikiwa zaidi ya theluthi moja juu ya wastani wa siku 50. Mtu aliyeingia upande wa kuuza hapo, yaani aliyeweka dau kwamba bei itashuka, kwa sababu ya umbali peke yake aliiona bei ikikaribia mara tatu ya pale alipoingia, ndani ya wiki sita na nusu. Hakuna akaunti yenye mkopo inayovumilia hilo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na nayashikilia kwa dhati: umbali usitumike kamwe kama sababu ya kuuza kinyume na trendi. Kazi yake ni kumwambia mwenye mali tayari kwamba wakati wa kuongeza umepita, na kwamba hasara ya kurudi kwenye wastani sasa ni kubwa kiasi gani. Hilo la pili hulisikii likisemwa mara nyingi, nami naliona ndilo lenye manufaa kuliko yote. Bei ikiwa mara mbili ya wastani wake, kurudi tu kwenye mstari huo ulipo leo ni kupoteza nusu. Hujatabiri chochote, umepima kimo cha kuanguka. Na mtu aliyepima kimo hicho anaweza kuamua ukubwa wa mzigo wake bila kubishana na yeyote kuhusu kesho.

Umbali pia unaweza kuzibwa bila bei kushuka. Bei ikisimama mahali pamoja, wastani utaendelea kupanda kuifuata, na baada ya siku 50 utakuwa umeifikia. Masoko mengi yenye afya hujirekebisha hivyo, kwa muda badala ya kwa bei. Mpando wa parabola ndio huwa haupati nafasi hiyo, kwa sababu waliokuja mwishoni walikuja kwa ajili ya kasi, na kasi ikikoma hawana sababu nyingine ya kubaki.

Je, kukoma huko kunaonekana vipi? Mimi hutumia wastani mfupi, wa siku 20, na kusubiri bei ifunge chini yake. Bitikoini ilifanya hivyo waziwazi tarehe 22 Desemba 2017: ndani ya siku hiyo ilishuka chini ya 12,000, na ikafunga karibu 14,000, wastani wa siku 20 ukiwa karibu 16,000. Aliyetoka hapo alikuwa amerudisha sokoni zaidi ya robo ya thamani ya kilele. Inauma, lakini tarehe 6 Februari 2018 bei iligusa karibu 6,000.

Kanuni hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe iko kwenye chati hiyohiyo. Tarehe 8 Novemba bei ilikaribia 8,000, na siku nne baadaye, tarehe 12, ilikuwa chini ya 6,000 na chini ya wastani wake wa siku 20. Anayefuata kanuni kwa upofu angetolewa hapo, kabla tu ya sehemu kubwa kuliko zote. Tofauti ya matukio hayo mawili iko kwenye umbali. Baada ya kushuka kwa Novemba, bei ilikuwa imekaribia tena wastani wa siku 50. Kimo cha kuanguka kilikuwa kimekwisha. Tarehe 22 Desemba, hata baada ya kuporomoka, bado bei ilifunga ikiwa mbali zaidi juu ya mstari huo. Ndiyo maana navisoma vipimo hivi viwili pamoja: kuvunjika kwa wastani mfupi kunanishtua sana pale tu umbali kutoka wastani mrefu ungali mkubwa.

Hata muda wa kujirudufu una mtego wake. Nimehesabu 5,000 kuanzia katikati ya Oktoba, lakini bei iliikaribia namba hiyo mwanzoni mwa Septemba. Ukianza kuhesabu kutoka Septemba, safari ya kwenda 10,000 inakuwa karibu miezi mitatu, na mkunjo wote unaonekana mpole. Mwishoni mwa Novemba watu wawili wangeweza kuitazama chati moja na kupata majibu mawili ya kweli. Ni safari ya mwisho tu, ile ya wiki zisizotimia tatu, isiyobadilika haraka kwa kuchagua tarehe nyingine, na kufikia siku ilipokamilika bei ilikuwa tayari kileleni.