Mdhamini wa Mtu Usiyemjua

Umebanwa kwenye daladala pale Jamatini, simu inaita. Namba ngeni. "Habari yako mheshimiwa, wewe ndiye mdhamini wa fulani?" Mdhamini! Fulani kakopa kwenye aplikesheni, kairuhusu isome majina yote ya simu yake, na wewe uliyemuuzia zabibu mara moja ndiyo umekuwa ukoo. Unamblock huyo mdai. Kesho anakuja na laini nyingine. Laini anazo kama karanga.

Hasira zinakwambia ufungie kila namba usiyoijua. Haya, fungia. Mwalimu wa darasa anapiga kwa laini yake mwenyewe, hujaisevu. Kliniki inapiga kwa simu ya mezani inayoanza na 026, hujaisevu. Shangazi wa Mpwapwa kaazima simu ya muuza duka. Wote wageni! Na kile kitufe cha kuzuia `Unknown` kwenye Android nyingi hakimgusi mdai wako hata kidogo, kinazuia wanaoficha namba tu. Yeye namba yake anaianika, hana aibu.

Bora uwashe `Do Not Disturb`, inayonyamazisha simu zote isipokuwa za unaowaruhusu. Ingia sehemu ya `People`, halafu `Calls`, uruhusu `Starred contacts`. Watu wako wapigie nyota kwenye majina: shule, ile 026 ya kliniki, mama, bodaboda wa watoto. Chini yake washa `Repeat callers`. Hicho ndicho kitu chenyewe: namba yoyote, hata ngeni, ikipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, inaita. Ila simu usiiache kwenye `Silent`, maana hapo hata mwenye nyota atapiga mpaka achoke.

Sasa mtoto kapandisha homa shuleni. Mwalimu anapiga saa 5:10, kimya. Anapiga tena 5:14, inaita, unamchukua mwanao. Lakini akingoja mpaka 5:30, robo saa imeshapita, anahesabiwa upya. Akiazima simu ya mwalimu mkuu hiyo 5:14, naye ni mtu mpya. Kwa hiyo shuleni na kliniki waambie mapema: nikikosa, piga papo hapo, kwa laini ileile.

Utasema mdai naye atapiga mara mbili. Atapiga, tena kwa bidii kuliko mwalimu! Huyo sasa ndiye wa kublock namba kwa namba, na aliyeblokiwa hapenyi hata akipiga mara ishirini. Akihamia WhatsApp, nenda `Settings`, `Privacy`, `Calls`, uwashe `Silence unknown callers`.

Anabaki shangazi. Yeye anabipu mara moja, anangoja nusu saa kwa adabu, ndipo anabipu tena. Hapo hakuna mtambo utakaomsaidia. Mpe nyota muuza duka.