Hiyo "a" ni neno, iachiwe nafasi yake

Wiki iliyopita, jioni nikiwa nataka kufunga steshenari yangu hapa Moshi, aliingia kijana mmoja ninayemfahamu tangu alipokuwa mgumu. Kwa wasomaji wa mbali, wagumu ndio wapagazi wetu wa Kilimanjaro. Siku hizi amepata leseni ya kuongoza watalii, na alikuwa ameandika barua pepe ya kumjibu mgeni anayetaka kupanda kwa njia ya Marangu.

"Shikamoo mama. Naomba uniangalizie hii Kiingereza kabla sijatuma."

Nikaitikia marahaba, nikachukua simu yake. Barua ilikuwa nzuri, ya mtu anayeijua kazi yake. Lakini mara tatu alikuwa ameandika hivi:

"I have alot of experience on the mountain."
"I learn alot from every guest."
"We will see allot of birds in the forest."

Mbili za kwanza zilikuwa na mstari mwekundu chini yake. Ya tatu haikuwa nao. Nilipomuuliza, akasema aliona mstari, akabonyeza, simu ikampa machaguo mawili, naye akachagua lile lililofanana zaidi na neno lake. Mstari ukapotea, akajua amepona.

Hapo ndipo kosa dogo lilipogeuka kuwa kubwa. "Allot", yenye l mbili, ni neno halali la Kiingereza, ila ni kitenzi. Maana yake ni kumgawia mtu sehemu yake, kama kijiji kinavyowagawia watu viwanja. Simu haina sababu ya kulipigia mstari, kwa sababu limeandikwa sawasawa. Kwa hiyo mgeni angesoma sentensi yenye kitenzi mahali ambapo panatakiwa wingi wa ndege, na hakuna ambaye angemwonya kijana. Afadhali "alot", ambayo angalau inajitangaza kuwa imekosewa.

Nikamtenganishia zote tatu ziwe "a lot", maneno mawili yenye maana ya "sana" au "nyingi". Akaniuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi, na ambalo walimu wengi hulijibu kwa "ndivyo ilivyo": "Mama, mbona 'another' inaunganishwa? Mbona 'away' inaunganishwa? Hii nayo tunaitamka kwa pamoja."

Ni swali la haki, na mimi siamini katika kumwambia mtu mzima "ndivyo ilivyo". Nitalijibu hapa kama nilivyomjibu yeye, kwa kirefu kidogo.

Kwanza, kuhusu sikio ana haki kabisa. Mwingereza anapotamka "a lot", ile "a" huwa hafifu, imeegemea neno linalofuata, na nguvu yote huangukia kwenye "lot". Inasikika sawasawa na "away" au "about". Na sisi tunaosema Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kukosea. Lugha yetu haina vijineno vya namna hiyo mbele ya nomino. Silabi fupi ikitangulia neno, kwetu mara nyingi huwa kiambishi: analima, wanalima, kinaliwa. Tunaunganisha bila kufikiri. Tena tuna "sana" na "nyingi", neno moja kwa wazo moja. Kwa hiyo mkono unatafuta neno moja la Kiingereza la kuweka pale.

Lakini "a" ya Kiingereza si kiambishi. Ni neno linalosimama peke yake, na linaonyesha kwamba nomino ya kitu kimoja inafuata. Basi suali ni hili: hiyo nomino "lot" ni kitu gani?

Hapa Moshi tuna bahati, maana jibu linauzwa mjini kwetu. Kwenye mnada wa kahawa, mnunuzi hanunui kahawa ya Kilimanjaro kwa ujumla. Ananunua "lot" yenye namba yake kwenye katalogi: magunia kadhaa ya daraja moja, tuseme AA au PB, kutoka kwa muuzaji mmoja, yanayouzwa kwa pamoja kwa bei moja. Ukienda Mbuyuni sokoni utakuta wazo lile lile chini ya turubai, isipokuwa mama wa nyanya analiita fungu. Fungu moja, bei moja, hubagui.

Fungu. Hiyo ndiyo "lot". Na neno lenyewe limesafiri mbali. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, liliandikwa "hlot", na lilikuwa kipande cha mti au kitu kingine kama hicho kilichotumika kupigia kura, si kura ya uchaguzi bali ile ya kuamua nani apate nini. Kutoka kwenye kijiti, maana ikahamia kwenye sehemu ambayo kijiti kilikupa, yaani fungu lako. Waamerika wakaliita hivyo hata eneo la ardhi lililopimwa, ndiyo maana kwao sehemu ya kuegesha magari ni "parking lot". Wenye minada wakalitumia kwa fungu la bidhaa. Na fungu likiwa na vitu vingi, hatua ya mwisho ni fupi: "a lot of" kitu ikawa na maana ya kitu kingi. Matumizi haya ya mwisho ni machanga. Yanaonekana mwanzoni mwa karne ya 19.

Uchanga huo, kwa maoni yangu, ndio ufunguo wa swali la kijana. "Another" kweli ilikuwa "an other", maneno mawili. Lakini iliungana zamani, wakati kila mwandishi alikuwa akiandika anavyosikia na hakuna aliyemsahihisha. "A lot" ya wingi ilizaliwa baada ya mlango kufungwa. Kamusi kubwa ya Samuel Johnson ilitoka mwaka 1755, na ya Noah Webster huko Marekani mwaka 1828. Wachapaji, walimu na kamusi walikuwa wameshakubaliana tahajia nyingi, na neno jipya likaingia likiwa limevaa umbo lake la "a" na nomino, likabaki nalo. Kiingereza hakina chombo kama BAKITA chetu. Kinacholinda tahajia ni mazoea ya wahariri, kamusi na wasahihishaji wa mitihani, na hao wote wanaandika maneno mawili.

"Away" ni kesi nyingine kabisa. Ile "a" si "a" ya "a lot" hata kidogo. Ni mabaki ya "on" iliyochakaa kwa kutamkwa: "on way" ya kale ikawa "away". Vivyo hivyo "asleep", "alive" na "about". Kwa hiyo anayesema "alot" ifuate mfano wa "away" anafananisha vitu viwili vilivyotoka nyumba tofauti kwa kuwa tu sura zao zinafanana.

Nilimwonyesha kijana kwa kalamu, nyuma ya karatasi iliyoharibika, jinsi ya kujua kwamba yale ni maneno mawili hata leo. Jaribu kupenyeza neno katikati. "A whole lot of birds" ni Kiingereza safi. "An awful lot of rain" pia. Neno moja halikubali kupasuliwa hivyo; huwezi kupenyeza chochote ndani ya "away". Kisha iondoe "a" uone kama kilichobaki kinaishi. "Lots of birds": kinaishi, na kimepata hata s ya wingi. "I'll take the lot": nachukua fungu lote, na sasa "the" imekalia kiti cha "a". Ukiandika "alot" unakuwa umemfungia ndani mtu ambaye bado anatoka na kuingia kila siku.

Akakubali, lakini akauliza kama mgeni asingeelewa. Angeelewa. Siwezi kudanganya kwamba "alot" inaficha maana. Waingereza wenyewe wanaikosea kwa wingi, na hatari ya kweli ya maana iko kwenye "allot". Tatizo ni kwamba mgeni anayeamua kumkabidhi mtu maisha yake mita 5,895 juu ya usawa wa bahari anaisoma barua ile akitafuta dalili za umakini. "Alot" ni miongoni mwa makosa ambayo msomaji wa Kiingereza huyaona kabla hajamaliza mstari. Inaniuma kuona kijana hodari anapimwa kwa nafasi moja tupu.

Na nitasema jambo moja kwa wale wanaowacheka vijana hawa mitandaoni. Wengi wao wanaandika "kwasababu" na "kwanini". Hapo "kwa" ni neno, na "sababu" ni nomino inayojitegemea: kwa sababu, kwa sababu hiyo, kwa sababu nyingi. Pima kwa kipimo kile kile: "kwa" unaweza kuiondoa, na "sababu" inabaki hai. Ni kosa lile lile la sikio kuushinda mkono, na linatutokea katika lugha ya mama zetu. Anayejua kwa nini "kwa sababu" inatenganishwa ameshaelewa nusu ya "a lot" bila mwalimu wa Kiingereza.

Tulipomaliza kutenganisha, tuliisoma barua upya pamoja. "We will see a lot of birds in the forest" tuliiacha. "I learn a lot from every guest" pia, maana hapo inafanya kazi ya "sana" yetu na inasikika kama mtu anayezungumza. Ila ile ya kwanza haikunipendeza hata baada ya kurekebishwa. "A lot of experience" kila mtu anaandika, na Kiingereza chake ni cha maongezi zaidi kuliko cha kuombea kazi. Nikamuuliza amefika kileleni mara ngapi. Akanyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole, akijumlisha na zile za ugumu.

"Arobaini na moja, mama. Ukitoa zile mbili tuliporudishwa na theluji."

Nikafuta "a lot of experience", nikaandika arobaini na moja kwa tarakimu, akatuma.