Waliosamehe ni akina nani?

Kuna kumbukumbu za mkutano nilizowahi kuandika ambazo mpaka leo zinaninyima raha. Ilikuwa kampuni ya familia, yenye hisa 1,000, inayohifadhi na kusambaza bidhaa. Mkurugenzi mtendaji alikuwa na hisa 450, mkewe 50, mdogo wake 300. Hisa 200 zilizobaki zilikuwa za mjane wa kaka yao mkubwa. Kwa miezi minane kampuni ilikuwa ikizungumza na mwenye kiwanja kilichopakana na godauni ili ikinunue. Mpimaji ardhi alikwenda, akapima, akalipwa kwa hundi ya kampuni. Mazungumzo yalipoiva, mkurugenzi akakinunua kiwanja kwa jina lake mwenyewe, kisha akaipangisha kampuni kiwanja hicho hicho.

Mjane alipoanza kuuliza, ukaitishwa mkutano mkuu. Azimio lilikuwa la mstari mmoja: wanahisa wanaridhia hatua ya mkurugenzi, na kampuni haina dai lolote juu ya kiwanja.

"Shemeji," mama yule alisema, risiti ya mpimaji ikiwa mkononi, "kiwanja hiki tulikizungumza sote, hapa hapa mezani. Leo kimekuwaje chako?"

Hakujibiwa. Mikono mitatu ikainuka, mmoja ukabaki chini. Mimi nilikuwa katibu. Nikaandika: "Azimio limepita kwa wingi wa kura."

Hakuna uongo katika sentensi ile. Lakini anayeisoma hawezi kujua kwamba mwenye kosa na mkewe ndio waliotoa kura 500 kati ya 800 zilizomsamehe. Na kwa maoni yangu, hilo ndilo swali la kwanza ambalo sheria ya kampuni inapaswa kuliuliza kila mara wanahisa wanapoambiwa waridhie kosa la mkurugenzi.

Tuanze na upande wa wanaoridhia, maana wana hoja. Mkurugenzi anawajibika kwa kampuni. Akivunja wajibu wake, aliyekosewa ni kampuni, wala si mwanahisa mmoja mmoja. Hilo liliwekwa wazi Uingereza mwaka 1843 katika kesi ya Foss dhidi ya Harbottle, na mahakama zetu za Afrika Mashariki zimeifuata kwa miaka mingi. Basi kama aliyekosewa ni kampuni, kampuni inaweza kusamehe, na kampuni husema kupitia wanahisa wake kwa wingi wa kura. Wakurugenzi wakitoa hisa mpya kwa nia njema lakini kwa lengo ambalo mamlaka yao hayakukusudiwa, au wakiingia mkataba pasipo kufuata taratibu, ni busara wenye mali wapewe nafasi ya kusema: tumeelewa, tuendelee. Bila hivyo kila kosa dogo lingeishia mahakamani.

Tena hisa ni mali ya mwenye hisa. Anaweza kuipigia kura kwa faida yake, hata akiwa mkurugenzi mwenye maslahi katika jambo lenyewe. Kesi inayotajwa sana hapo ni ya Beatty, iliyotoka Kanada na kuamuliwa mwaka 1887 na Baraza la Faragha la London, lile lililokuwa likisikiliza rufaa za mwisho za makoloni, na baadaye zikiwemo za kwetu. Beatty, mkurugenzi wa kampuni ya usafiri wa majini, aliiuzia kampuni yake meli. Wanahisa wakapiga kura: 306 wakaridhia, 289 wakakataa. Kati ya zile 306, kura 291 zilikuwa za Beatty mwenyewe. Baraza likasema ununuzi ni halali.

Watu huisoma kesi hiyo wakaishia hapo. Hata yule mkurugenzi wa kiwanja alikuwa na wakili aliyeitaja. Lakini iangalie meli yenyewe. Ilikuwa mali ya Beatty kabla ya kuuzwa. Kampuni ilihitaji meli, bei haikuonekana kuwa ya kuonea, na mwisho wa siku kampuni ilibaki na meli. Kasoro ilikuwa kwamba muuzaji alikaa pande zote mbili za meza. Kilichosamehewa ni kule kukaa pande mbili, basi. Hakuna mali ya kampuni iliyohamia mfukoni mwa mtu bila malipo.

Sasa iweke pembeni yake kesi ya Cook dhidi ya Deeks ya mwaka 1916, nayo ya Kanada, nayo iliyofika kwenye Baraza lile lile. Kampuni ya Ujenzi ya Toronto ilikuwa na wakurugenzi wanne: wawili wenye jina la Deeks, Hinds na Cook, kila mmoja akiwa na robo ya hisa. Ilikuwa imejenga njia kadhaa za Reli ya Kanada Pasifiki na kujipatia jina zuri kwao. Kazi nyingine ikatokea. Wale watatu walikuwa wamechoshwa na Cook. Wakaendesha mazungumzo ya mkataba kama walivyozoea kufanya kwa niaba ya kampuni, lakini ulipofika wakati wa kutia saini, wakauchukua kwa majina yao na kuunda kampuni mpya ya kuutekeleza. Kisha wakaitisha mkutano, na kwa robo tatu za hisa wakapitisha azimio kwamba Kampuni ya Ujenzi ya Toronto haina maslahi yoyote katika mkataba ule.

Cook alishindwa katika mahakama za Ontario. London alishinda. Jaji Lodi Buckmaster alisema kwamba mkataba ule, kwa macho ya haki, ulikuwa wa kampuni tangu mwanzo, kwa kuwa wale watatu waliupata wakiwa wakurugenzi waliopewa jukumu la kuitafutia kampuni kazi za aina hiyo. Na wakurugenzi wenye wingi wa kura hawawezi kuutumia wingi huo kujipa zawadi ya mali ya kampuni. Azimio lao halikuwa na nguvu yoyote.

Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja, mpaka unaonekana. Beatty aliuza kitu chake; akina Deeks walijigawia kitu cha kampuni. Na kiwanja cha godauni, chenye miezi minane ya mazungumzo na hundi ya kampuni kwa mpimaji, kiko upande wa akina Deeks. Sina shaka na hilo hata kidogo.

Tatizo ni kwamba mpaka huo hauko wazi kila mara. Mwaka 1942 Mabwana wa Sheria, waliokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, waliamua kesi ya Regal ya mji wa Hastings. Kampuni tanzu ilihitaji mtaji wa pauni 5,000 ili ipate kukodi majumba mawili ya sinema, na kampuni mama ilikuwa na uwezo wa kutoa 2,000 tu. Wakurugenzi wakanunua sehemu ya hisa zilizobaki kwa fedha zao, na biashara ilipouzwa wakapata faida ya karibu pauni tatu kwa kila hisa. Hakuna aliyesema walikuwa na nia mbaya, lakini waliamriwa kuirudisha faida, kwa sababu waliipata kupitia nafasi zao. Hata hivyo ilielezwa kwamba wangeweza kujikinga kwa azimio la wanahisa. Kwa nini faida ya Regal isameheke na mkataba wa akina Deeks usisameheke? Wanasheria wamelijadili kwa miongo mingi. Wengine wanaangalia nia, wengine wanaangalia kama kilichochukuliwa ni mali ya kampuni au ni faida ya pembeni. Na mkurugenzi mwerevu atasema siku zote kwamba yake ilikuwa faida ya pembeni.

Ndiyo maana naona Waingereza walifanya vema walipoongeza njia ya pili katika sheria yao ya makampuni ya mwaka 2006: kuhesabu kura upya. Kuridhia kosa la mkurugenzi sharti kupite bila kutegemea kura za mkurugenzi huyo mwenye hisa, wala za wanahisa wenye uhusiano naye. Anaruhusiwa kuhudhuria, kuhesabiwa katika akidi na kusema. Kura yake ndiyo isiyohesabiwa. Kenya, ambayo sheria yake ya mwaka 2015 ilichota mengi kutoka hiyo ya Uingereza, nayo ina kanuni ya namna hiyo. Kwa hesabu hiyo Beatty mwenyewe angeshindwa: ukiondoa kura zake 291, zinabaki 15 dhidi ya 289.

Lakini turudi kwenye mkutano wetu na tuhesabu kwa kanuni ya Uingereza. Hisa 450 za mkurugenzi zinatoka. Hisa 50 za mkewe zinatoka. Zinabaki 300 za mdogo wake na 200 za mjane. Azimio linapita! Sheria ile imeorodhesha ndugu wanaohesabiwa kuwa na uhusiano na mkurugenzi: mwenzi, watoto, wazazi. Kaka na dada hawamo. Kwa familia zetu, ambamo wadogo husomeshwa na kaka na kuingizwa kwenye biashara na kaka, pengo hilo ni kubwa kuliko mlango wa godauni.

Yule mdogo mtu, miezi michache baada ya mkutano, alifungua duka kwenye sehemu ya mbele ya kiwanja kile kile. Kodi sikuwahi kuiona ikilipwa.

Hapo ndipo Cook dhidi ya Deeks inabaki kuwa na kazi. Sheria ya 2006 yenyewe imesema haigusi kanuni za zamani kuhusu mambo yasiyoweza kuridhiwa kabisa. Kwa hiyo mjane, akishashindwa kwenye hesabu ya kura, bado anaweza kuiomba mahakama ruhusa ya kushtaki kwa niaba ya kampuni, akisema kwamba kilichochukuliwa ni cha kampuni na waliosamehe ni walionufaika. Atahitaji ushahidi wa mambo mawili hayo. La kwanza linathibitishwa na karatasi: barua kwa mwenye kiwanja, hundi ya mpimaji, tarehe. La pili linategemea sana kumbukumbu za mkutano, na zangu hazikumsaidia.

Jambo moja zaidi, kwa ufupi. Kampuni ikiwa muflisi, au iko ukingoni mwa kufilisika, hata wanahisa wote kwa kauli moja hawawezi kumsamehe mkurugenzi kwa hasara ya wadai, kwa sababu wakati huo kinachogawiwa kama msamaha ni fedha za watu wengine.

Ningeandika leo, ningeandika hivi: "Walioridhia: hisa 800. Kati ya hizo, 450 za mkurugenzi anayehusika, 50 za mkewe, 300 za mdogo wake, ambaye hakueleza kama ana maslahi katika kiwanja. Aliyekataa: hisa 200. Mwanahisa huyo aliwasilisha risiti ya mpimaji iliyolipwa na kampuni, nakala imeambatishwa."