Nimekuwa Stika

Asubuhi hii, kabla hata sijanawa uso, shangazi yangu wa Njombe kanitumia stika. Shangazi mwenyewe simu janja kaipata juzijuzi, bado anabonyeza kwa kidole kimoja huku kafumba jicho, lakini stika tayari anazo. Naifungua, nani humo? Mimi. Mdomo wazi, tai imekwenda upande, masikio yamewaka, na chini wameandika: "MTANDAO UNASUMBUA." Naye alikuwa anamaanisha hivyohivyo, kwamba kwao mtandao unasumbua. Wala hakumtambua mtoto wa kaka yake. Akaniuliza kwa huruma kabisa: "Hivi huyu kijana wa watu alipatwa na nini, baba?"

Alipatwa na presentesheni, shangazi.

Naomba ieleweke kwamba mimi ni mtu na heshima zangu. Siku ile nilivaa koti la mjomba, nikapiga pasi shati mbele na mgongoni, na nauli ya daladala nikalipa bila kubishana na konda. Kundi letu lilikuwa na majina matano kwenye jalada. Mmoja alikuwa na laptopu, mmoja alikuwa na flashi, wawili walikuwa "wamechangia mawazo", na mimi nilikuwa na kazi. Mnaosoma vyuo mnalijua hesabu lake, sina haja ya kulikokotoa hapa.

Mada yetu ilikuwa uhifadhi wa mahindi baada ya kuvuna. Nilishauriwa na yule wa flashi, ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu hata kuomba chumvi, kwamba nikariri yote neno kwa neno, kwa Kiingereza, pamoja na jina la kitaalamu la yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Mdudu huyo anaitwa Prostephanus truncatus. Kijijini kwetu anaitwa Skania, kwa sababu anaingia ghalani kama lori na akitoka anaacha unga. Katokea huko Amerika ya Kati, na hapa kwetu alianza kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Yote hayo nilikuwa nayajua. Usiku niliyasema mbele ya kioo cha bweni mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akaniomba, kwa jina la Mwenyezi Mungu, nizime huyo mdudu.

Basi tukaitwa. Projekta ikawashwa, ukutani kukaandikwa NO SIGNAL. Yule wa laptopu akachomoa waya, akapuliza, akachomeka. NO SIGNAL. Akauzungusha. NO SIGNAL. Muda wote huo mimi nimesimama mbele, nimeshika karatasi, natazamwa. Hakuna adhabu kama kusimama mbele ya watu sabini bila kazi. Dokta akaangalia saa, akasema kwa upole ule wa watu wenye kalamu ya maksi: "Anza tu, slaidi zitakukuta njiani."

Nikaanza. Nikasalimia, nikataja kundi, nikasema tutamzungumzia mdudu hatari aitwaye Prosti... Prosti...

Na hapo ndugu yenu nikaondoka. Mwili ulibaki. Neno moja liligoma, na kwa kuwa yote yalikaririwa kwa foleni, lililogoma likayazuia ya nyuma yote, hata yale ambayo nimeyajua tangu utotoni nikipukuchua mahindi kwa bibi. Mate yakakauka, ulimi ukanata kwenye kaakaa. Vidole vikawa vya baridi, uso ukawaka. Baadaye nilielezwa sababu: mwili ukishtuka unamwaga adrenalini, mishipa ya damu mikononi inabana, lakini ya usoni yenyewe inatanuka na damu inajaa pale. Kwa wenzangu weusi damu ni hiyohiyo na joto ni hilohilo, ila wanaona haya kimyakimya, siri yao na mashavu yao. Mimi mama kanizaa mweupe, ukoo mzima ukashangilia bila kuuliza gharama. Nikiona haya natangazwa.

Mstari wa mbele dada mmoja akanong'ona, "Jamani, anaiva." Aliyemsikia akamwambia wa nyuma. Nikajua wanajua, nikaiva zaidi. Nikajikaza nisiive, na hilo ndilo jambo baya kuliko yote, maana uso ukiukataza unakuwa kama umeupa taarifa. Slaidi zikachagua sekunde hiyo hiyo kutokea, mdudu mkubwa ukutani, mimi chini yake, na mtu mmoja asiye na dini akatoa simu.

Nilikaa pale robo saa. Ndivyo nilivyoamini mpaka nilipoiona hiyo video. Sekunde kumi na moja! Kuanzia "Prosti" hadi Dokta aliposema "asante, kaa", sekunde kumi na moja tu. Nimeihesabu na saa ya ukutani, haiongezeki. Na moyo wangu, niliodhani unasikika mpaka kantini, kwenye video husikii kitu, isipokuwa feni ikilalamika.

Hayo nikamweleza mwenzangu wa kitanda cha juu. Yeye ni kaka mtu mzima, alifundisha shule miaka mingi kabla ya kurudi chuo, anasoma saikolojia na anakunywa chai ya rangi kama dawa. Akaniambia video hiyo ni mali, niitunze. Kumbe mwaka 2003 watafiti wa Marekani, Savitsky na Gilovich, waliwasimamisha wanafunzi watoe hotuba, na wale waliokuwa wameelezwa mapema kwamba wasikilizaji hawauoni wasiwasi wote ulio ndani ya mtu wakahutubia vizuri kuliko wenzao ambao hawakuambiwa. Nikamuuliza, kaka, hao wanafunzi walikuwa na rangi gani? Akacheka. Akasema: moyo hawausikii, tumbo hawalioni, uso wako kweli wanauona, lakini kilichowashtua ni kimya, si uso.

Halafu akaniletea habari ya daktari mmoja wa Viena, Viktor Frankl. Huyu bwana alimpata mgonjwa, naye daktari, aliyekuwa akitoka jasho kila akikutana na watu, na hofu ya jasho ndiyo iliyokuwa inamtoa jasho. Frankl akamwambia: ukianza kuhisi linakuja, kusudia hasa kutoka jasho, waonyeshe jasho la kweli ni lipi. Yule mtu akawa anajiambia, mwanzo nilitoa lita moja, leo namwaga kumi. Jasho likakata. Kisa ni kwamba hofu inakula kule kukimbia kwako. Ukigeuka na kuifuata, tena kwa utani, inakosa cha kula.

"Kwa hiyo wewe," akaniambia kwa sauti ya ualimu, "wiki ijayo usijizuie. Kusudia kuiva. Iva mpaka projekta ikose kazi, slaidi wazisomee usoni mwako."

Nilicheka pale kitandani mpaka nikapaliwa chai. Akaninyooshea kijiko: "Unaona? Ukicheka pumzi inatoka yote, na inayofuata inaingia mpaka chini. Mtu aliyeganda anapumulia kooni, ndiyo maana sauti inatetemeka." Kisha akaninyang'anya karatasi zangu zote. Akaniachia sentensi mbili za kwanza tu nizikariri, mengine nikae nayo kama mambo manne ya kusimulia. Na akasema nishike kitu mkononi, macho yao yapate pengine pa kwenda.

Dokta alikuwa ametupa nafasi ya kurudia wiki iliyofuata, kwa sharti kwamba tutasahihishiwa kwa ukali. Nikaenda na chupa ya maji, kavu kabisa, chumvi kavu kidogo, na mahindi ya aina mbili kwenye mifuko ya shati. Koti la mjomba nikaliacha, lilikuwa linanibana kwapani na ndilo lililonitia kiburi.

Nimesimama, sijafungua mdomo, masikio hayo yameanza. Nikajiambia: karibuni, leo tunataka moto mpaka kwenye shingo, msiniangushe. Nikavuta pumzi, nikawaambia watu: "Ndugu zangu, mkiona taa nyekundu imewaka huku juu msiite zimamoto, ni mitambo inapasha." Wakaangua kicheko. Nami kikanitoka, kicheko cha kweli, cha tumboni, nikainama nikashika meza. Nilipoinuka pumzi ilikuwa imeshuka mahali pake, na uso, nakwambia, nikauamuru uive zaidi ukagoma! Uliishia kwenye masikio kama mtumishi mvivu.

Nikafika kwa mdudu. "Prosti..." nikasimama. Darasa zima likanyamaza, simu mbili zikapanda juu. Nikasema, "Huyu kwa cheti cha kuzaliwa anaitwa Prostephanus truncatus, lakini nyumbani tunamwita Skania." Wale wa Iringa, wa Rukwa, wa Songea, wakapiga meza. Kila mmoja ana ghala lililokwisha kupitiwa na lori hilo.

Nikamimina mahindi ya kwanza kwenye chupa, nikatia chumvi, nikatikisa, nikaiacha itulie. Chumvi ikanata kwenye kuta za chupa, maana yake mahindi bado yana unyevu, ukiyafunga gunia yataota ukungu. Nikaipangusa chupa ikakauka, nikatikisa yale ya pili, chumvi ikaanguka chini yote. Hayo yanakaribia ile asilimia 13.5 inayotakiwa kwenye viwango vya Afrika Mashariki, na hukununua kipimo cha umeme. Hapo nikawa nasema Kiswahili na Kiingereza vikipishana, na hakuna aliyekufa.

Sasa msije mkadhani kicheko ni hirizi. Nilipofika katikati nikarudia utani wa zimamoto, ukaanguka pale sakafuni, hakuna aliyeuokota. Na Dokta hakucheka hata mara moja. Aliandika kitu, akapiga mstari chini yake, akauliza chumvi ikiwa imelowa na unyevu wa Dar kipimo kinafaa nini. Nikamjibu hakifai kitu, chumvi inaanikwa kwanza. Akaandika tena.

Matokeo yamebandikwa jana. Maksi za kosiweki ni za kundi, wote tunapewa sawasawa, kwa sababu ya umoja na mshikamano. Nimekaa kantini nimeagiza chipsi kavu, bumu lenyewe halijaingia na hakuna anayejua limekwama wapi, akaja yule wa flashi. Yuleyule! Siku ya kurudia hakuja, alisema foleni. Akavuta kiti, akachukua chipsi zangu tatu bila kunawa, akaniuliza: "Vipi mwanangu, tumepata ngapi?"

Tumepata! Wewe na nani? Nikamtazama. Akachovya kwenye pilipili yangu, akasema lakini ule ushauri wake wa kukariri ulisaidia sana, na kwamba kwa ile asainimenti ya wiki ijayo amekwisha liandika jina langu kwenye kundi lake, tena la kwanza, kwa heshima, nisihangaike kushukuru, nimtafutie tu laptopu.