Mchoro Mtupu Ukutani

Kwenye gereji yetu hapa Changamwe, stoo ya vifaa ni kichumba chenye dirisha moja na ukuta wa mbao uliopakwa rangi nyeupe. Juu ya weupe huo tumechora umbo la kila kifaa kwa rangi nyekundu. Ukitoa spana, wekundu wake unabaki wazi na kila apitaye anauona. Kando ya dirisha kuna ubao wa kuandika jina, kifaa, gari na saa.

Vyote viwili havitoshi. Mchoro unaonyesha kifaa gani hakipo, lakini hausemi kiko kwa nani. Ubao ungesema, ila kazi zikibana watu hawaandiki. Ndiyo maana nilishikilia tuongeze vibati: kila fundi ana vitano vyenye namba yake, na akichukua kifaa anatundika kibati kwenye msumari uleule. Kibati kikiisha, arudishe kwanza.

Juzi tulibadilisha mkanda wa taimingi wa Haisi ya dizeli. Kava imeshafungwa, dereva anataka gari lake, na kwetu injini haiwashwi kabla ya mtu kutazama ukuta. Nafasi ya soketi namba 10 ilikuwa tupu, na kibati kilikuwa cha fundi aliyeifanya kazi hiyo. Alipekua mifuko yake, akakosa. Tukafungua kava tena, tukaikuta imelala chini, karibu na meno ya puli. Ingenaswa na mkanda, taimingi ingeruka, na valvu zingegongana na pistoni. Kufungua kava kulituchukua nusu saa.

Lakini ukuta huu unaharibika ukigeuzwa kuwa wa kukatia watu mshahara. Gereji niliyojifunzia kazi, spana ikipotea ilikatwa kwenye ujira wa siku. Mwenzangu alipoteza ya 13, akanunua ya bei rahisi, akaitundika. Ilijaa mchoro sawasawa, na msimamizi akaridhika. Nilipoitumia kwenye nati iliyoshika kutu, na hapa pwani kutu ni ya kila siku, ikapanuka mdomo, ikala kona zote za nati. Tuliikata kwa tindo. Niliumia kwa ajili ya yule kijana, maana hofu ndiyo iliyomfanya anyamaze.

Sasa vifaa vyetu vina mstari wa rangi ya gereji kwenye mpini, na chini ya kila mchoro tumeandika namba, kwa sababu soketi ya 12 na ya 13 kwa macho ni ndugu mapacha. Kifaa kikivunjika au kikipotea, fundi anatundika kibati chekundu mahali pake na kuniambia jioni ileile. Simkati hata shilingi. Mwezi huu vimetundikwa vitatu, na vyote nilivijua kabla hatujafunga geti.