Namba 38, kiatu kisicho na mwenyewe

Mtoto wa kiume akifika miaka 13 anakuwa mtu wa ajabu. Nauli ya daladala konda anamdai kama mtu mzima, wali anakula kama watu wazima wawili, lakini ukienda kumtafutia kiatu unaambiwa huyu bado. Rafu ya watoto imeishia 36, ukibahatika 37. Rafu ya wanaume inaanzia 39, na maduka mengi wanaanza 40 kabisa. Yeye mguu wake ni 38. Mtoto amedumbukia kwenye ufa.

Na vitu hivi havikufuati mwezi Julai ukiwa na nafasi. Ni Januari, fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza iko mkononi, imeandikwa viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga kwa kamba, kisigino kifupi, jozi mbili. Aliyeiandika hakuuliza kama vipo.

Unamshika mtoto mkono mpaka Kariakoo. Muuzaji anamwangalia miguu kwa sekunde moja, anatoa 40. "Dogo, vaa hii." Inapwaya, mtoto anatembea kama amebeba mitumbwi miwili. "Mzee wangu, mtoto anakua huyu, hii inakaa mpaka kidato cha pili." Ukikataa anatoa 37, kidole kinagonga mbele. "Hii ngozi, itapanuka." Ngozi inapanuka, ni kweli, lakini inapanuka upana. Urefu haupanuki hata kiatu ukivae mpaka kustaafu. Soli haina habari na maneno ya muuzaji.

Halafu kuna hizi namba zenyewe. Aliyezipanga sijui alikuwa na ugomvi na nani. Mwingereza alipimia kiatu kwa punje za shayiri, punje tatu inchi moja, na kila namba inaongeza punje moja, yaani milimita 8.5 hivi. Akahesabu ya watoto mpaka 13, akachoka, akaanza upya na moja. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa anavaa 13 mwaka jana, mwaka huu anavaa 1. Ukienda dukani ukasema "nataka namba mbili" bila maelezo, unaletewa kiatu cha mtoto ambaye hata kutembea hajaanza. Mmarekani naye kafuata mtindo huohuo, ila angalau anaweka herufi: C kwa wadogo, Y kwa waliokua kidogo, na baada ya 13C inakuja 1Y. Namba za Ulaya, hizi 36, 38, 40 tulizozizoea Bongo, hazirudi nyuma, zinapanda tu kwa milimita 6.7 kila moja. Ndiyo maana mama mkwe akishauri "mchukulie namba mbili mbele", inabidi umuulize namba za nani. Za Ulaya ni sentimita 1.3. Za Mwingereza ni 1.7, na hapo mtoto anaweza kugeuka ndani ya kiatu akaangalia nyuma.

Sasa achana na namba, shika rula. Mpime jioni, maana mguu wa asubuhi ni mwembamba kuliko wa saa kumi na mbili baada ya kutwa nzima ya kukimbia. Avae soksi atakazovalia, asimame, uzito wote chini, kisigino kigusane na ukuta. Akikaa kitini mguu unakuwa mfupi na utadanganyika. Weka karatasi chini, piga alama penye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe gumba, wapo ambao cha pili ndicho kinaongoza msafara. Pima miguu yote miwili. Tuseme wa kushoto umetoka sentimita 24, wa kulia 24.3. Unachukua mkubwa, huwezi kununua kimoja 37 na kingine 38, ingawa kwa bei za Januari ungetamani.

Juu ya hiyo 24.3 unaongeza sentimita moja ya nafasi. Sehemu ni ya mguu kusogea mbele unapokanyaga, iliyobaki ni ya kukua. Jumla 25.3. Zidisha kwa 1.5, unapata 37.95, yaani 38 ya Ulaya. Kwa Mwingereza ni 5 ya wakubwa. Ndiyo hiyo namba isiyo na mwenyewe.

Kisha chukua kipande cha boksi, kata utepe mwembamba wa urefu wa sentimita 25.3 kamili, mviringo kidogo mbele. Huo ndio unaokwenda nao sokoni, mtoto mwache nyumbani aoshe vyombo mpaka siku ya kujaribisha. Ingiza utepe kwenye kiatu, ulale juu ya soli ya ndani mpaka mwisho. Ukijikunja, kiatu kifupi. Ukicheza mbele na nyuma zaidi ya nusu sentimita, kikubwa. Muuzaji atakucheka. Mwache acheke. Kwenye mitumba pale Karume ndiyo silaha kabisa, kwa sababu viatu vingi namba imeshafutika na kisigino cha aliyetangulia.

Ila kwenye raba kuna mtego. Lebo ya ndani ya ulimi ina mistari kama mtihani wa hesabu: US 7Y, UK 6, EUR 40, CM 25. Mzazi aliyepima 24.3, akaongeza sentimita moja, akapata 25.3, anaona CM 25 anasema hii ndogo, nipe inayofuata. Kumbe ile CM kwenye raba nyingi ni urefu wa mguu unaoingia, si urefu wa ndani ya kiatu. Nafasi ya mbele wameshaiweka wao. Ukiongeza na yako umeongeza mara mbili. Kwa mguu wa 24.3 unatafuta iliyoandikwa CM 24.5, na kwa anayekua kwa fujo, 25 na usivuke hapo.

Na hapohapo kuna nafuu ambayo watu hawaijui. Raba za watoto za Kimarekani zinaendelea mpaka 7Y, na 7Y kwa urefu ni sawa na 7 ya mwanaume. Kiatu kinafanana, rangi zinafanana, cha mtoto mara nyingi bei iko chini, kwa sababu soli yake haijajazwa mbwembwe za mto na hewa. Wa kike anayetoka 6Y kwenda rafu ya wanawake asiombe 6, aombe 7.5, maana namba zao za wanawake zinatangulia kwa moja na nusu. Kwa binti ufa wenyewe ni mdogo, viatu vya kike vinaanza 36 au hata 35. Kero yake ni nyingine: ghafla kila kiatu kina ncha kali na kisigino, kama vile mtoto wa kidato cha kwanza anakwenda kufungua harusi.

Turudi kwa kijana na kiatu chake cheusi. Wengi hapa wanakata tamaa, wanachukua 40 na pamba. Hesabu inakataa. Ndani ya 40 kuna sentimita 26.7 hivi, toa mguu wa 24.3, zimebaki 2.4 za hewa. Kiatu kimetengenezwa kikunjike pale mguu unapokunjika, kwenye shina la vidole. Kikiwa kirefu hivyo, kinakunjika mbele zaidi, mkunjo unashuka juu ya vidole vyenyewe na ngozi inapasuka hapo kabla ya likizo ya kwanza. Mtoto ili kiatu kisichomoke anakishika kwa vidole kama kuku aliyelala juu ya kijiti. Kisigino kinapanda na kushuka, malengelenge yanatoka, naye anakata shauri lake: anakanyaga kisigino cha kiatu na kukigeuza kandambili. Laki yako imekuwa ndala ya ngozi.

Njia tatu zinafaa. Ya kwanza ni 39 ya kiume ya kamba. Ndani ina sentimita 26, imezidi kidogo, lakini ukiweka soli ya ziada ya milimita 3 au 4, ya urefu wote wa kiatu na si kipande cha kisigino, inaunyanyua mguu ukabanwe na kamba. Urefu haupungui, kinachopungua ni kuteleza. Kiatu cha kuchomeka bila kamba hakisaidiki kwa ujanja huo. Ya pili ni kiatu cha kike cha kamba, kisigino bapa, namba 38. Kikiwa cheusi hakuna mwalimu wa zamu atakayekijua. Angalia tu upana, vya kike vimebana kisigino na shina la vidole. Kama ngozi imevimba pembeni mtoto akisimama, rudisha. Na kijana usimwambie kimetoka rafu gani.

Ya tatu ni fundi, anayeshona ngozi kwa kalibu. Mpelekee mchoro wa miguu yote miwili na kipimo cha mzunguko wa shina la vidole. Mwambie waziwazi 24.3 ni mguu, si kiatu, maana ukimwambia 24.3 tu atakutengenezea kiatu cha 24.3.

Kabla ya kulipa, ile tabia ya kubonyeza mbele kwa dole gumba na kuuliza "kinabana?" tuiache. Mtoto akibonyezwa anavuta vidole nyuma, wewe unakuta uwazi mkubwa unafurahi, na ngozi ngumu ya mbele haikuambii kitu. Legeza kamba zote, asukume mguu mbele mpaka uguse, asimame. Kidole chako cha shahada kiingie nyuma ya kisigino kwa kujibana kidogo. Kisipoingia, kifupi. Vikiingia viwili, unarudi kwenye habari za kuku na kijiti. Kisha atembee, na uangalie ukingo wa kiatu chini ya kifundo. Vya wakubwa ukingo wake uko juu zaidi, na mtoto ambaye kifundo chake bado kiko chini atachunika hapo siku ya kwanza.

Kila miezi mitatu vuta ile soli ya ndani uisome. Vidole vinaacha vishimo. Kishimo cha kidole kirefu kikifika ukingoni, kiatu kimekwisha hata kama kinang'aa. Soksi iliyotoboka kwenye gumba inasema hilohilo, na kucha iliyoingia weusi imechelewa kusema.

Kwa sababu miguu huwa inatangulia kukua kabla ya kimo, mtoto ambaye mlango bado haumgusi kichwa anaweza kuivuka 38 kabla ya Agosti. Hapo anaingia rafu ya wanaume kwa heshima zote, kuna kila kitu, na bei imepanda ngazi. Ile 38 nyeusi, ngozi nzima, soli haijalika, mdogo wake anavaa 33. Anayevaa 38 nyumba nzima ni mama yake. Ukimwona dukani kwa Mangi amevaa kitenge na viatu vya kidato cha kwanza, amefunga kamba vizuri, msalimie tu.