Jani la isale halikuharibu kitu, karatasi ndiyo iliyoharibu

Nina miaka kumi na moja Leicester, Uingereza, na kwa muda wote huo nimekuwa nikiwaambia watu wa hapa kwamba kwetu Moshi tunajua kumaliza mambo kiungwana kuliko wao. Bado naamini hivyo. Ila mwaka jana kaka yangu alimaliza jambo kiungwana sana, na uungwana ule ukamgharimu zaidi ya shilingi milioni tano.

Nianze na la kwangu, maana ni fupi. Nilikuwa nimesimama kwenye taa, jamaa akanigonga kwa nyuma. Akashuka, akaomba radhi, tukapiga picha za magari, tukabadilishana namba za simu na majina ya kampuni zetu za bima, kila mtu akaenda zake. Dakika nane hivi. Kampuni yangu ikatengeneza gari kwa pauni 2,300, mimi nikatoa pauni 250 za eksesi, yaani ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima anabeba mwenyewe. Baada ya miezi mitatu nikapata barua kwamba fedha yote imerudishwa na kampuni ya yule jamaa, kwamba rekodi yangu ya kutodai haijaguswa, na kwamba 250 yangu inarudi. Yule bwana sijamwona tena. Sijui hata kama mke wake alimgombeza.

Sasa la kaka. Ana Toyota Noah aliyoikatia bima kubwa. Asubuhi moja pale Kiborloni, lori aina ya Fuso likitoka upande wa Himo lilijaribu kulipita basi, likamkuta yeye upande wake, likamchana gari kuanzia taa ya mbele hadi mlango wa pili. Hakuna aliyeumia. Polisi walifika, wakapima, wakachora ramani ya ajali, na dereva wa lori akakubali kosa palepale.

Jioni ile ile mwenye lori akaja nyumbani na wazee wawili, mtungi wa mbege na jani la isale. Kwa wasio wa huku: Mchagga akikuletea isale kuomba msamaha, kumkatalia ni jambo zito, na kaka si mtu wa kukataa. Akasamehe. Wakakubaliana mwenye lori atoe 1,500,000 ya kumpoza. Halafu mmoja wa wazee, aliyewahi kuwa karani wa mahakama, akasema ni vizuri jambo liandikwe. Likaandikwa: kaka amepokea kiasi hicho na "hana madai mengine yoyote" dhidi ya mwenye lori wala dereva wake. Wakasaini wote, na mashahidi.

Gereji ilikadiria matengenezo 6,800,000. Eksesi kwenye bima yake ilikuwa asilimia kumi ya dai, yaani 680,000, kwa hiyo alitegemea kampuni imlipe 6,120,000. Akapeleka fomu ya madai, ripoti ya polisi, kadirio la gereji na, kwa kuwa ni mtu mkweli, ile karatasi pia. Wiki mbili baadaye akanipigia.

"Mdogo wangu, hawa wamenikatalia. Wanasema nimewafungia mlango. Mlango gani?"

Mlango wenyewe ndio huu unaoitwa subrogesheni. Neno ni baya, lakini maana yake haina ugumu. Kampuni ya bima ikishakulipa hasara uliyosababishiwa na mtu, inashika nafasi yako mbele ya mtu huyo. Haki uliyokuwa nayo ya kumdai inabaki yako kwa jina, ila sasa kampuni ndiyo inayoitumia, na mwisho wake ni kile ilichokulipa. Ndiyo maana kesi ikifika mahakamani, mdai anayeandikwa ni wewe na si kampuni. Watu wengi hushtuka wakiona jina lao kwenye hati ya madai ambayo hawakumtuma mtu kuifungua. Walimtuma, kwenye masharti ya bima na kwenye ile dischaji vocha, hati ya kukiri malipo, waliyosaini siku ya kupokea hundi.

Kaka aliuliza swali ambalo nimelisikia kwa watu wengi, na si swali la kijinga. Kampuni imekula hela yangu ya bima kila mwaka, kazi yake si kulipa? Kwa nini ikamfuate tena yule maskini?

Mimi namjibu hivi. Hela uliyolipa ilinunua ahadi kwako wewe. Mwenye lori hakununua kitu. Kama kampuni ikikulipa halafu yeye akaachwa aende, basi wewe ndiye uliyemkatia bima bila yeye kujua. Na kama ungeruhusiwa kupokea kwa kampuni 6,120,000 halafu ukamdai na mwenye lori 6,800,000 yote ukaweka mfukoni, ajali ingekuwa biashara. Bima ya mali inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, basi. Waingereza walilikata hili tangu 1883 katika kesi ya Castellain na Preston. Mtu alikuwa ameingia mkataba wa kuuza nyumba, ikaungua kabla mauzo hayajakamilika, bima ikamlipa pauni 330, kisha mnunuzi naye akalipa bei kamili kana kwamba moto haukuwaka. Mahakama ikamwambia arudishe zile 330, maana hasara yake ilikuwa imeshafutwa. (Bima ya maisha haiendi hivi. Uhai hauna bei ya kurudisha, kwa hiyo familia ikilipwa na bima ya maisha bado inaweza kumdai aliyeua kwa uzembe, na kampuni haina neno.)

Turudi kwa kaka. Anayeshika nafasi yako hawezi kupata haki kubwa kuliko uliyokuwa nayo. Siku ya ajali kaka alikuwa na haki ya kudai 6,800,000. Usiku ule aliiuza kwa 1,500,000. Kampuni ingemlipa, ingeingia kwenye nafasi ambayo haina kitu ndani, na mwenye lori angetoa ile karatasi tu. Ndiyo maana masharti ya bima ya gari huwa na kifungu kinachokataza mteja kukubali, kuahidi au kupatana na upande wa pili bila idhini ya kampuni. Cha kaka kilikuwemo, ukurasa wa tisa, kwa Kiingereza, herufi za mchwa. Hapo nina ugomvi na makampuni yetu. Wakala aliyempigia kaka simu mara nne ili anunue hakumpigia hata mara moja kumweleza kwamba siku ya ajali asisaini kitu.

Wala haina maana kwamba kampuni ina haki ya kukataa kila kitu kila mara. Jambo la kupima ni hasara iliyopata kwa mteja kuachia haki yake. Kama aliyegonga ni kijana wa bodaboda asiye na bima wala kitu cha kukamatwa, haki iliyoachiwa ilikuwa na thamani ndogo hata kabla ya kusaini, na hoja hiyo inafaa kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nilimwambia kaka tuijaribu. Lakini nilipoangalia namba ya lile Fuso kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka inayosimamia bima Tanzania, ambako mtu yeyote anaweza kuangalia kama gari lina bima, nikakuta bima ndogo ipo na iko hai.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Bima ndogo ndiyo inayobeba madhara unayowafanyia wengine. Kama kaka asingesaini, kampuni yake ingemlipa 6,120,000, kisha ingeandika kudai 6,800,000, yaani fedha yake pamoja na eksesi ya kaka, na barua ingeishia kwa kampuni ya mwenye lori. Kwa kadiri ya kikomo cha bima ile, ndiyo ingelipa. Kaka angerudishiwa na 680,000 zake. Mwenye lori angetakiwa kufanya jambo moja tu, kutoa taarifa kwa kampuni yake kwa wakati. Ile 1,500,000 aliitoa mfukoni kununua amani ambayo alikuwa ameshailipia. Wanaume wawili wakweli, wote wana bima, wakaketi kwenye viti vya plastiki wakagawana hasara ambayo haikuwa ya yeyote kati yao kuibeba.

Sitaki msomaji afikiri nawasifu Waingereza kwa kila kitu. Mwaka 1949, katika uwanja wa machinjio huko Romford, dereva aitwaye Lister alirudisha lori nyuma akamgonga msaidizi wake, ambaye alikuwa baba yake mzazi. Baba akamdai mwajiri, bima ya mwajiri ikamlipa pauni 1,600. Kisha kampuni ya bima, kwa jina la mwajiri, ikamgeukia kijana irudishiwe fedha ile. Mwaka 1957 Mahakama ya Malordi, kwa kura tatu dhidi ya mbili, ikasema ni halali. Kwa sheria hesabu imekaa sawa. Lakini jaribu kuisimulia mezani Kibosho, bima kumdai mtoto fidia ya baba yake. Hata makampuni yenyewe yaliona aibu, yakakubaliana yasiwafuate wafanyakazi namna hiyo isipokuwa pale penye njama au makusudi. Kumbe na wao wana isale yao, ila waliandika makubaliano yao baada ya kushinda, si kabla.

Kaka nimemwambia, na namwambia kila aliyeko nyumbani mwenye bima kubwa: samehe, kunywa mbege, pokea jani. Kosa la dereva ni lako kulisamehe. Fedha si yako peke yako kuisamehe. Unachoweza kuachia ni eksesi, na hata hiyo iambie kampuni kwanza. Ukipewa kitu cha kukupoza, andika kwamba umepokea kiasi fulani kwa ajili ya eksesi, na kwamba madai mengine yote yanabaki kama yalivyo, kisha kitaje kwa kampuni ili kihesabiwe. Ukificha, siku ikijulikana utaonekana ulitaka kulipwa mara mbili. Na msikae sana, maana kwetu madai ya uzembe wa namna hii yana miaka mitatu tu tangu ajali, huku Uingereza kwa mali ni sita, na kampuni inayoshika nafasi yako inashika na saa yako.

Kampuni haikubadili msimamo. Noah ilitengenezwa nusu nusu, mlango mmoja bado ni wa rangi nyingine. Mwenye lori anasali kanisa moja na kaka, na Jumapili hukaa benchi moja. Kaka amenikataza nisimwambie habari ya bima yake ndogo. Anasema atajisikia vibaya.